UZI: Potifolio ya frilansa, uchambuzi wa kazi moja unaandikwaje hadi mteja aamini?

Mnyalukolo

Kamwene wakuu. Nipo Iringa, natengeneza tovuti. Potifolio yangu ina kazi sita, kila moja ina picha ya skrini na linki. Wateja wanafungua, wanasema "nzuri", halafu kimya. Nimeshauriwa niache kupanga picha kama duka la fremu, niandike uchambuzi wa kila kazi: nilikuta nini, nikafanya nini, kikabadilika nini.

Nimeanza na tovuti ya nyumba ya wageni inayopokea watu wanaokwenda Ruaha. Nilichoandika hadi sasa ni hiki: "Niliboresha tovuti ikawa ya kisasa na yenye kasi zaidi, na wageni wakaongezeka maradufu." Nimekwama hapo. Mnaojua, uchambuzi kama huu unatakiwa kuwa na nini, na urefu gani?

---

Kabwe Grafiki

Mkuu, usiwachoshe watu na maandishi. Mteja anaangalia picha kwanza. Weka mokapu kali, yaani picha ya kazi yako ikiwa ndani ya simu na kompyuta, logo za wateja wako juu, halafu namba kubwa: "wageni +100%". Namba ndiyo inayouza. Aya mbili zinatosha.

---

Dada wa Uyole

Kabwe, kwenye picha kuja mwanzo uko sahihi. Kwenye hiyo namba hapana, tena nitaeleza kwa nini.

Mnyalukolo, kabla ya kukujibu nijibu haya manne. Ulimkabidhi mteja tovuti mwezi gani? Hao wageni walioongezeka alihesabu nani, na kwa njia gani? Tovuti ya zamani ilikuwa na uzito gani ikifunguka kwenye simu? Na unayo nakala yake?

---

Mnyalukolo

Niliikabidhi mwishoni mwa Mei. Kuhusu wageni ni mwenye nyumba aliniambia kwa mdomo mwezi wa nane kwamba "sasa wanakuja wengi, mara mbili". Uzito wa zamani sikupima siku ile. Ila faili za zamani zipo kwenye git, niliziingiza zote kabla sijagusa kitu.

---

Dada wa Uyole

Hiyo git imekuokoa. Twende polepole.

Kwanza hao wageni. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, na ndio msimu wa watu kwenda Ruaha, kwa kuwa wanyama wanakusanyika mtoni na barabara zinapitika. Tovuti yako imeanza kazi msimu ukifunguka. Hata usingegusa kitu, wageni wangeongezeka. Mteja yeyote aliye kwenye biashara ya utalii akisoma "maradufu" kati ya Mei na Agosti atajua hapo hapo kwamba aliyeandika hajui anachopima, na kila kilichobaki kwenye ukurasa atakisoma kwa shaka. Namba isiyotetewa inaharibu hata ile sentensi ya kweli iliyo chini yake. Ungelinganisha na Agosti ya mwaka uliopita kwa daftari la wageni, hapo tungeongea. Kwa maneno ya mdomo, iondoe.

Pili, kile unachoweza kukithibitisha wewe mwenyewe: uzito wa ukurasa na muda wa kufunguka. Hiki kimo mikononi mwako. Irudishe tovuti ya zamani kwenye folda ya pembeni, bila kuvuruga ya sasa:

```bash
git log --reverse --oneline
git worktree add ../zamani 3f2a91c
cd ../zamani && python3 -m http.server 8000
```

Hiyo `3f2a91c` ni mfano tu. Weka namba ya hatua yako ya kwanza, ile itakayotokea juu kabisa kwenye orodha. Kisha fungua Chrome kwenye dirisha la faragha, maana viongezi vya brauza vinaharibu vipimo, uende `http://localhost:8000` na uendeshe Lighthouse, kipimo cha kasi kilichomo ndani ya Chrome, kwa hali ya simu. Rudia mara tano uchukue namba ya katikati, kwa sababu alama zinapanda na kushuka kila unapopima. Halafu fanya vilevile kwa tovuti mpya, kwenye kompyuta hiyo hiyo, nayo ukiiendesha kutoka `localhost`. Ukipima ya zamani kwenye mashine yako na mpya ikiwa mtandaoni, umelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Njoo na majibu.

---

Makambako Stendi

Samahani wakuu, na mimi naomba msaada hapo hapo. Naomba kazi ya uhasibu, hii potifolio niiambatanishe kama PDF au niiweke ndani ya CV? Kurasa ngapi?

---

Mzee wa Tukuyu

Kijana, hapa wanaongelea watu wanaouza kazi moja moja kwa wateja. Kwa ajira ya uhasibu tuma CV kama tangazo linavyotaka. Fungua uzi wako utasaidiwa vizuri.

Mimi niko upande wa wanaoajiri mafundi wa tovuti na waandishi, kwa hiyo niongeze moja. Nikifungua kazi ya mtu natafuta kwanza yeye alifanya kipi. Mtu anaweka tovuti nzima, kumbe alibadilisha rangi tu na picha alipiga mwingine. Andikeni juu kabisa: "Kazi yangu: kuandika msimbo na kupanga kurasa. Picha: za mteja. Maandishi: ya mteja." Mistari miwili. Asiyeandika hivyo namuuliza, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanaishia.

---

Mnyalukolo

Ndaga mzee, japo mimi si wa huko kwenu.

Dada, nimepima. Ukurasa wa mwanzo wa zamani: MB 9.6. Kati ya hizo, picha 11 zilikuwa na wastani wa KB 850 kila moja, zimetoka kwenye simu moja kwa moja, pikseli 4000 kwa 3000. Vilivyobaki ni KB 250.

Mpya: KB 800 zote. Picha kubwa ya juu, yenye upana wa pikseli 1200, KB 120, picha 10 za vyumba KB 48 kila moja kwa wastani, na vilivyobaki KB 200 kwa kuwa niliondoa faili moja la fonti.

Sasa naandikaje? "Nilipunguza uzito kwa asilimia 92"?

---

Dada wa Uyole

Asilimia 92 ni sahihi kihesabu, ila mwenye nyumba ya wageni haimwambii kitu. Igeuze iwe muda wa mgeni aliyeshika simu. Lighthouse kwenye hali ya simu inaigiza mtandao wa Mbps 1.6. MB 9.6 mara 8 ni megabiti 76.8, gawanya kwa 1.6 unapata sekunde 48. KB 800 kwa hesabu hiyo hiyo ni sekunde 4. Mtu anayeelewa maana ya kusubiri sekunde 48 akiwa stendi ya Ipogolo, bando linakatika, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa ndiyo tunafika kwenye uchambuzi wenyewe. Namba ulizopata zinaonyesha kitu kilibadilika. Hazionyeshi kwamba wewe unajua kazi, kwa sababu kuna programu za bure zinapunguza picha kwa kubofya mara moja. Ujuzi unaonekana kwenye maamuzi. Kwa nini pikseli 1200 kwa picha ya juu na siyo 2000? Kwa nini za vyumba ni ndogo kuliko hiyo? Kulikuwa na njia gani nyingine, na kwa nini uliiacha? Kipi ulikosea, na ulijuaje?

---

Mnyalukolo

Picha za vyumba nilizifanya pikseli 600 kwa sababu zimepangwa mbili mbili. Simu nyingi ni pana pikseli 360 za muundo, kwa hiyo kila picha inakaa kwenye 180, na skrini zenye wiani wa mara tatu zinahitaji 540. Ya juu inajaza upana wote, 360 mara 3 ni 1080, nikaweka 1200. Amri niliyotumia:

```bash
cwebp -q 75 -resize 1200 0 nje.jpg -o nje.webp
```

Kosa nililofanya: niliweka `loading="lazy"`, yaani picha ipakuliwe pale tu mgeni anapoikaribia, kwenye picha zote 11, nikidhani kila kitu kitakuwa chepesi. Uzito ukashuka lakini picha ya juu ikawa inachelewa kutokea. Kumbe brauza inaisubirisha hadi ijue mpangilio wa ukurasa, wakati ndiyo picha ya kwanza mgeni kuiona. Niliitoa kwenye hiyo moja, nikaiacha kwenye zile 10. Hili nilikuwa nimelificha kabisa.

---

Dada wa Uyole

Hilo ndilo la kuweka katikati ya ukurasa, kaka. Aya yako hii niliyoisoma sasa hivi ina thamani kuliko mokapu kumi. Developa mwenzako akisoma anajua umewahi kukaa na tatizo hilo. Mteja asiye fundi hataelewa `lazy`, lakini ataelewa kwamba unapima kazi yako na unarekebisha kabla hajalalamika.

Andika hivyo hivyo kama ulivyotuandikia. Urefu wa maneno 500 hadi 800 unatosha kwa kazi ya ukubwa huu. Na kazi sita ni nyingi: chagua mbili au tatu ambazo una ushahidi wake, nyingine ziache kama linki chini.

---

Kabwe Grafiki

Nimesoma, nakubali kuhusu asilimia. Lakini sisi wa michoro hatuna Lighthouse. Mtu amechora mfuko wa kahawa wa Mbozi, atapima nini?

---

Dada wa Uyole

Kabwe, kwenye uchapaji wewe unanizidi. Wewe ukimwona mchoraji ameweka mfuko wa kahawa kwenye mokapu, unaamini?

---

Kabwe Grafiki

Siamini, kweli. Mokapu inaonyesha rangi kama zilivyo kwenye skrini. Mifuko mingi ya kahawa ni karatasi ya kaki, na wino wa uchapaji unapitisha mwanga. Nyekundu juu ya kaki inageuka kahawia iliyofifia, njano inapotea kabisa, na nyeupe haipo, kwa sababu kwenye uchapaji wa kawaida nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka rangi ing'ae unatanguliza tabaka la wino mweupe, na si kila kiwanda kinalo, tena linaongeza gharama. Asiyelijua hilo anachora logo nzuri, ikitoka kiwandani haisomeki.

Nimepata jibu langu mwenyewe. Uchambuzi wa mchoraji uwe na picha ya mfuko uliochapwa, umepigwa mchana dirishani bila kuchezewa rangi, pembeni yake faili la skrini. Halafu aeleze: rangi nne zikapunguzwa kuwa mbili za giza, maandishi madogo yakaongezwa unene, na kwa nini. Hapo nitamwamini hata kama logo yenyewe siipendi.

---

Mwandishi Mafinga

Nyie mna vitu vya kuonyesha. Mimi nawaandikia watu hotuba, ripoti na makala, zinatoka kwa majina yao. Siwezi kuweka hata moja. Nilifikiria niandike tu "hotuba ya meneja wa kampuni ya mbao, Mafinga" bila kutaja jina. Inatosha kuficha?

---

Dada wa Uyole

Haitoshi. Mafinga ni mji wa mbao na watu wanajuana. Ukitaja kampuni ya mbao, cheo na mji, umeshamtaja mtu. Kuficha jina kunasaidia pale ambapo maelezo yaliyobaki yanawahusu watu wengi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba ruhusa ya aya moja tu, kwa maandishi, ukimwonyesha mwenyewe aya ile na mahali itakapokaa. Watu wengi wanakataa ombi la jumla lakini wanakubali aya wanayoiona. Ya pili ni kuchukua maandishi ambayo tayari ni ya hadharani, uyaandike upya na kueleza kila badiliko. Ukisema wazi kwamba hakuna aliyekutuma, ni ushahidi halali wa ujuzi.

---

Mwandishi Mafinga

Hiyo ya pili najaribu hapa hapa, mnikosoe. Chukua matangazo ya kawaida ya kukatika maji:

"Wateja wote mnatangaziwa kuwa huduma ya maji itasitishwa kwa muda ili kupisha ukarabati wa miundombinu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Langu: "Maji yatakatika Jumanne, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Jazeni ndoo Jumatatu usiku. Tunabadilisha bomba kuu."

Sababu: anayesoma anataka kwanza kujua lini, kisha afanye nini. Sababu ya kukatika ni ya mwisho kwa sababu haimbadilishii chochote jikoni.

---

Mzee wa Tukuyu

Nzuri sana. Ila siku, saa na bomba kuu umevitoa wapi? Havimo kwenye la kwanza.

---

Mwandishi Mafinga

Umenikamata, mzee. Nimevibuni ili sentensi ikae.

---

Dada wa Uyole

Basi hapo ndipo penye uchambuzi wako. Acha nafasi wazi, uandike: "Tangazo halikusema siku wala saa. Ningempigia fundi mkuu nimuulize mambo matatu," uyataje. Mteja ataona kwamba kazi yako inaanza kwenye maswali kabla ya maneno. Ukibuni, anajiuliza kwenye ripoti yake utabuni nini.

---

Mnyalukolo

Nina maswali mawili ya ufundi. Picha yangu ya skrini ya ukurasa wa maombi ya vyumba ina majina na namba za simu za wageni. Nikiifanya ukungu inatosha? Na nikituma linki WhatsApp inatoka kavu, bila picha wala kichwa.

---

Dada wa Uyole

Usitumie ukungu. Maandishi yaliyofifishwa yanaweza kukisiwa na kurudishwa, hasa namba, kwa sababu tarakimu ni kumi tu na umbo lake linajulikana. Ukiweka kisanduku cheusi ndani ya PDF, mara nyingi maandishi yanabaki chini yake na mtu anayanakili. Ingiza wageni wa kubuni kwenye mfumo wa majaribio, upige picha upya. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hao wageni hawakukupa ruhusa ya kuwa kwenye potifolio yako.

WhatsApp inasoma mistari hii kwenye `<head>`:

```html
<meta property="og:title" content="Kutoka MB 9.6 hadi KB 800">
<meta property="og:description" content="Tovuti ya nyumba ya wageni, Iringa">
<meta property="og:image" content="https://jina.github.io/picha/jalada.jpg">
```

Watu wanakosea mstari wa tatu. Wanaweka `/picha/jalada.jpg` peke yake na picha haitokei. Lazima anwani iwe kamili kuanzia `https`. Pia mistari iwe ndani ya HTML yenyewe. Ikiandikwa na JavaScript baada ya ukurasa kufunguka, WhatsApp haioni. Na kama ulishatuma linki ikiwa kavu, simu inaweza kuendelea kuonyesha ile ya zamani. Ongeza `?v=2` mwisho wa linki utume tena.

Kwa kuhifadhi, GitHub Pages inatosha, haina malipo na kikomo cha tovuti ni GB 1. Anwani ya .co.tz utainunua ukishapata kazi mbili.

---

Mzee wa Tukuyu

Hapo kwenye anwani sikubaliani na wewe, dada. Mimi nikiona mtu ana .co.tz yake najua amejifunga na biashara. Anunue sasa.

---

Dada wa Uyole

Nakuheshimu mzee, ila nimeona anwani nyingi nzuri zenye kurasa tupu. Aamue mwenyewe.

---

Mnyalukolo

Kuhusu wageni wa kweli, kuna namna ya kupima kuanzia sasa ili mwakani niwe na namba ya kutetea?

---

Dada wa Uyole

Ipo, na ni rahisi. Kitufe cha WhatsApp kwenye tovuti kiwe na ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimeona%20tovuti,%20naulizia%20chumba
```

Namba iwe na 255 bila alama ya kujumlisha, na ile sifuri ya mwanzo uiondoe. Ikibaki linki haifungui mtu. Mwenye nyumba akipokea ujumbe unaoanza hivyo anaweka alama kwenye daftari. Wako watakaofuta maneno wakaandika yao, na wengine watapiga simu tu, kwa hiyo idadi itakuwa pungufu ya ukweli. Mwakani linganisha Agosti kwa Agosti, na useme imetoka wapi.

---

Mnyalukolo

Nimeandika upya mwanzo. Nisomeeni:

"Nyumba ya wageni, Iringa. Kazi yangu: kuandika msimbo na kupunguza uzito wa picha; picha na maandishi ni ya mteja. Nilikuta ukurasa wa mwanzo wenye MB 9.6. Mgeni mwenye simu alisubiri sekunde 48. Sasa anasubiri sekunde 4. Hapa naeleza nilivyochagua ukubwa wa picha, na kosa moja lililoifanya picha ya kwanza ichelewe hata baada ya uzito kushuka."

---

Mzee wa Tukuyu

Huyu ningempigia.

---

Dada wa Uyole

Rekebisha kimoja. Hukumwona mgeni yeyote akisubiri sekunde 48, umegawanya tu. Andika: "kwa mtandao wa Mbps 1.6, kupakua ukurasa wote ni kama sekunde 48 kwa hesabu", na chini uweke namba ya katikati ya vile vipimo vyako vitano, ya zamani na mpya. Halafu mtumie mwenye nyumba aisome kabla hujaiweka hewani.

---

Mnyalukolo

Nimemtumia. Anasema niweke, ila niondoe neno "kosa", eti watu watadhani tovuti yake ni mbovu.

---

Dada wa Uyole

Mweleze kwamba lilitokea kwenye majaribio, kabla hujamkabidhi. Akikataa bado, andika "jaribio la kwanza" na uache maelezo mengine yote yalivyo.